Mwajiri kagoma kwenye asilimia 8: chama kitoe notisi ya mgomo au turudi mezani?

Mtu wa Shifti C: Wakuu, kiwanda chetu kiko Dar, tuko kama 640, chama kina wanachama zaidi ya nusu na kinatambulika. Tuliomba nyongeza asilimia 25 kwenye mkataba wa hali bora, mwajiri akaanza na 5, sasa kafika 8 na anasema hapo ndo mwisho. Sisi tumeshuka mpaka 12. Vijana wanataka mgomo wiki ijayo. Mnasemaje?

Baba Zuu: Toeni notisi ya masaa 48 mgome, sheria inaruhusu. Hao wahindi wa viwanda na hata wazawa wenzetu lugha wanayoielewa ni mashine kusimama, mengine porojo.

Katibu Mstaafu: Baba Zuu, hayo masaa 48 ni kweli yamo kwenye sheria ya ajira ya 2004 ila ni hatua ya mwisho kabisa, na waajiri tusiwataje kwa rangi zao hapa. Mtu wa Shifti C, kabla ya notisi lazima mgogoro upelekwe CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa ile fomu CMA F.1, usuluhishi una siku 30, zikiisha hamjaelewana ndo chama kinapiga kura kwa katiba yake na wengi wa waliopiga waseme ndiyo. Hapo ndo masaa 48. Mkiruka hatua moja wakili wa mwajiri anakimbilia Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, mgomo unazuiwa, na ulinzi wa kutofukuzwa unayeyuka. Nimeona mgomo ukifa kwa sababu daftari la kura halikuwa na sahihi, basi. Swali langu: mkataba wa zamani umeisha? Maana kama bado unawabana na suala la mshahara limo humo, hamgomi.

Mtu wa Shifti C: Umeisha Juni. CMA bado hatujaenda.

Mama Ntilie Getini: Na mimi nisaidieni, bosi wangu hajanilipa ovataimu miezi mitatu sasa, chama kinaweza kugoma kwa ajili yangu?

Katibu Mstaafu: Hiyo mama haigomewi, hiyo ni haki yako tayari, unaidai CMA na una siku 60 tangu mgogoro uanze, usizembee. Kinachogomewa ni kile ambacho bado hamjakubaliana, kama hii nyongeza.

Wanjiku wa Thika: Huku Kenya ni siku saba za notisi, si masaa. Lakini nawaambia karatasi iliyosainiwa pia si mwisho wa vita. Madaktari wetu walisaini mkataba 2013, ukakaa hivyo bila kusajiliwa mahakamani, Desemba 2016 wakagoma, siku mia moja, Februari 2017 viongozi wa chama chao cha KMPDU wakapelekwa jela. Hakikisheni mkitoka na 12 au hata 10 inafika mahali inapofaa kusajiliwa.

Katibu Mstaafu: Kweli dada, huku nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi.

Fundi Mkokotoaji: Mimi siyo mpinzani wa mgomo ila tuhesabu. Mtu wa laki tatu, 8 ni elfu 24, 12 ni elfu 36, mnapigania elfu 12 kwa mwezi. Mwajiri halazimiki kulipa siku za mgomo, siku kumi za kazi kati ya 26 ni kama laki moja na elfu 15, hiyo inarudi baada ya karibu miezi kumi. Nani ana akiba hiyo? Chama kina mfuko wa mgomo?

Baba Zuu: Mkataba ukiwa wa miaka miwili bado mnapata faida, na nyongeza ya mwaka kesho inaanzia juu ya hiyo 12. Unahesabu kama mhasibu wa mwajiri wewe.

Katibu Mstaafu: Wote mna pointi. Mimi ningefanya hivi: leo chama kiandike barua kuomba hesabu za kampuni zinazohusu mishahara, sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa husika chama kijadiliane vizuri. Akisema hana hela, aonyeshe. Halafu fomu iende CMA hata kama mnaendelea kuongea, saa ya siku 30 ianze kutembea. Waajiri wengi hulegea hapo kwa sababu ndani ya hizo siku wanaanza kupiga hesabu za oda. Na akileta vibarua kuziba nafasi zenu wakati mgomo ni halali, hairuhusiwi. Ninyi nanyi msisimame getini kuzuia watu, hiyo pia imekatazwa.

Fundi Mkokotoaji: Na asiyekuwa mwanachama akiendelea kuingia kazini?

Mtu wa Shifti C: Hapo ndo tatizo letu, shifti A karibu wote hawajajiunga, na ndo wanaoendesha boila.