Tupeane uzoefu: Smashi kutoka nyuma na mstari wa mita 3

Nafasi ya Sita: Jana nimetazama mechi ya mpira wa wavu iliyoamuliwa na mguu uliokanyaga mstari wa mashambulizi, yaani huo wa mita 3, nikakumbuka mengi. Waliowahi kupuliziwa filimbi hiyo, leteni visa vyenu.

Seta Mstaafu: Tuliongoza 14 kwa 13 katika seti ya tano, nikampandishia mwenzetu wa safu ya nyuma mpira wa juu. Alianza kukimbia kabla mpira haujafika kileleni, kwa hiyo hatua yake ndefu ya mguu wa kulia ilitua mapema, wakati mikono ilikuwa bado mbele badala ya kuwa imerushwa nyuma. Ili kuusubiri mpira, akaongeza kihatua kidogo, na mguu wa kushoto, ambao kwa mpigaji wa mkono wa kulia hutua mwisho na mbele zaidi, ukagusa mstari. Smashi ilitua safi, tukarukiana kwa furaha, kumbe refa alikwisha kuwapa wapinzani pointi. Tukafungwa 16 kwa 14.

Mlinzi wa Kona: Hicho kihatua cha kusubiri ndicho kinachotumaliza wengi.

Mkongwe: Sheria ni rahisi: ukiwa wa safu ya nyuma, usivuke mstari.

Refa wa Mtaani: Hapana, ndugu yangu. Kinachoangaliwa ni mguu wakati wa kuruka. Mstari wenyewe ni sehemu ya eneo la mbele, kwa hiyo hata ncha ya kiatu ikiugusa ni kosa, lakini aliyeruka akiwa nyuma yake anaruhusiwa kutua mbele. Hata aliyerukia ndani hana kosa iwapo, anapoupiga mpira, sehemu yoyote ya mpira huo iko chini ya ukingo wa juu wa wavu.

Mkongwe: Mbona mimi nilipuliziwa kwa kutua tu?

Refa wa Mtaani: Sikuwapo, ila naushuku mguu wako.

Mkono wa Kushoto: Je, kwetu mashoto hatua zinabadilika? Kocha wangu alinifundisha kushoto, kulia, kushoto, na bega langu la kushoto linatangulia wavuni kabla mkono haujavutwa nyuma.

Kocha Msaidizi: Zigeuze: kulia, kushoto, kulia. Hatua ya pili iwe ndefu, kisigino kitangulie, na hapo mikono yote miwili iwe nyuma; ya tatu ifunge upesi huku mikono ikipanda. Kuhusu mstari, weka alama mazoezini, takriban mita 1 nyuma yake, hatua ndefu itue hapo, kisha chelewa kuanza.

Nafasi ya Sita: Mimi nimeambiwa nisitazame sakafu kabisa, nimwache seta aurudishe mpira nyuma.

Seta Mstaafu: Kila kitu seta! Nikiurudisha nyuma zaidi, mnalalamika kwamba mnaupigia nyuma ya kichwa.

Mkongwe: Nasisitiza kwamba nilirukia nyuma ya mstari.