Vipandikizi vya mimea ya kutambaa: maji au udongo? Naamua kabla ya Jumamosi

Neema wa Dirishani
Wadau, habari zenu. Mmea wangu wa kutambaa ulikuwa umefika sakafuni, nimeukata. Vipande vimelala kwenye kitambaa kibichi na nataka kuviotesha. Jumamosi naenda kununua vifaa, na bajeti inatosha upande mmoja tu: ama chupa za kioo za kuoteshea kwenye maji, ama vyungu vidogo na perlaiti. Kipi kinawahi? Na nikianza na maji, nihamishie kwenye udongo lini?

Mzee wa Vyungu
Mmea gani? Yanayotambaa ni mengi na hayana tabia moja. Vipande vina vifundo, au ni majani tu? Dirishani kuna mwanga kiasi gani? Bila hayo tunakisia.

Kijani Tupu
Maji, dada, usihangaike. Mizizi unaiona kwa macho. Ukiweka kwenye udongo kila siku utajiuliza kama imetoka, mwishowe utakivuta kipande kuangalia na kukata kile kidogo kilichokuwa kimeanza.

Salma B
Pothosi yangu inaishi kwenye maji tu na haijawahi kuonja udongo, natia mbolea ya maji tone moja moja. Sasa naomba kuuliza, maji ya tangi la samaki yanafaa?

Mzee wa Vyungu
Yanafaa, Salma, ila mwenzako anauliza habari ya kuhamisha.

Neema wa Dirishani
Samahani. Ni pothosi, ile ya majani yenye mabaka ya njano. Pia kuna vipande viwili vya hoya nimepewa. Dirisha lina mwanga mwingi lakini jua halipigi moja kwa moja. Kifundo ndiyo pale jani linapotokea? Maana vingine nilivyokata ni jani na kikonyo chake basi.

Mzee wa Vyungu
Ndiyo, ni pale kikonyo kinaposhikana na shina. Kwenye pothosi geuza shina uangalie karibu na hapo, utaona kinundu cha kahawia. Huo ni mzizi wa hewani uliokwisha kujiandaa, na ndio utakaorefuka ukiingia majini. Kando ya kikonyo kuna jicho la kutoa chipukizi. Kwa hiyo jani lenye kikonyo tupu litakaa kijani muda mrefu, pengine litoe hata mizizi, lakini halitakupa mmea kwa sababu jicho halipo. Hayo weka kwenye chombo uyafurahie tu.

Yenye vifundo, kata shina kama sentimita moja chini ya kifundo, bakiza jani moja au mawili, na jani lolote lisizame. Kifundo ndicho kizame. Badilisha maji kila wiki, au mapema zaidi yakianza kuwa na ukungu.

Kuhusu lini: usihesabu siku, angalia mizizi. Ikifika sentimita 3 hadi 5 na ikaanza kutoa vijizizi vya pembeni, hamisha. Ukisubiri ijae chupa unajiongezea kazi.

Bwana Udongo
Hapo ndipo ninapowaambia watu kila siku: mizizi ya maji haifai kwenye udongo, hufa yote. Sasa kwa nini umlazimishe mmea kuota mara mbili? Choma kifundo kwenye udongo siku hiyo hiyo, yaishe.

Mzee wa Vyungu
Nusu yake ni kweli. Mizizi iliyokulia majini ni laini, inavunjika upesi, na vinyweleo vyake ni vichache kwa kuwa haikuhitaji kutafuta maji. Ikiingia kwenye udongo sehemu yake hufa. Lakini ile mifupi huendelea, na matawi mapya hutoka yakiwa yamezoea udongo. Ndiyo maana nasema uwahishe. Na wiki mbili za mwanzo udongo usikauke kabisa, halafu ndipo uanze kuachia ukauke juu kabla ya kumwagilia tena.

Tunu
Hilo la kuwahisha naliunga mkono kwa yaliyotokea nyumbani. Dada yangu alikuwa na pothosi kwenye chupa, mizizi imezunguka mpaka chini haionekani, wote tunaisifia. Siku moja akaihamishia kwenye chungu kikubwa, akajaza udongo wa bustani na kuushindilia kwa viganja ili mmea usimame. Kesho yake majani yakalegea. Akasema kina kiu, akamwagilia. Yakalegea zaidi, akamwagilia tena. Ikawa hivyo mpaka chungu kikaanza kunuka. Tulipokitoa, ukishika mzizi ngozi inavuka kama soksi, unabaki na uzi mkononi. Shina nalo lilikuwa jeusi kutoka chini. Tulikata juu ya weusi mpaka tukapata nyama ya kijani, tukaanza upya na chungu kidogo chenye udongo mwepesi. Kipande kimoja ndicho kilichopona.

Mzee wa Vyungu
Watu wengi hukosea hapo. Jani likilegea, kabla ya kumwagilia nyanyua chungu. Kikiwa chepesi, ni kiu. Kikiwa kizito na jani limelegea, maji yapo ila mizizi haiwezi kuyanyonya, na ukiongeza unamaliza hewa iliyobaki. Chungu cha upana wa sentimita 8 hadi 10 kinatosha. Kikubwa kinabaki na maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kumaliza.

Kijani Tupu
Nakumbushia mdalasini. Paka kwenye kidonda kabla ya kuzamisha, hakiozi.

Bwana Udongo
Mdalasini ndani ya maji? Unatengeneza chai?

Kijani Tupu
Mimi napaka na vyangu vinaota.

Bwana Udongo
Vya kwangu vinaota bila kupaka. Pothosi huota hata ukiisahau.

Tunu
Bibi mmoja ninayemfahamu anapaka asali. Naye vinaota.

Neema wa Dirishani
Jamani, hoya je?

Mzee wa Vyungu
Hoya ndiyo ninayoipeleka kwenye perlaiti. Kwanza acha utomvu wake mweupe ukome na kidonda kikauke saa chache. Loweka perlaiti, mwaga maji yanayochuruzika, fukia kifundo kimoja, kisha funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na uufungue kidogo kila siku. Ni mvivu, hesabu wiki kadhaa. Ukitaka kujua bila kuvuruga, gusa kipande taratibu: kikikushikilia, kimeota. Jani jipya ni dalili nzuri zaidi. Majini pia huota, ila shina lake likizama sana linaoza.

Kwa pothosi maji na udongo vyote vinakubali, kwa hiyo mimi nisingenunua chupa. Gilasi za nyumbani zinatosha. Pesa iende kwenye vyungu na perlaiti. Na usipande kipande kimoja kwa chungu ukitarajia kijae, maana kila kipande kwa kawaida hutoa chipukizi moja. Weka vinne au vitano pamoja.

Bwana Udongo
Kwa hiyo tumerudi kwenye udongo.

Mzee wa Vyungu
Tumerudi kwenye vyungu. Kwenye maji bado ataanzia.

Neema wa Dirishani
Nimewaelewa nusu nusu. Pothosi nimeiweka kwenye gilasi leo, hoya inasubiri Jumamosi. Ila gilasi ni ya kupitisha mwanga, je, sitapata ule ukijani wa pembeni?

Salma B
Mwani huo. Mie naufuta na brashi, haujaua kitu.

Kijani Tupu
Zungushia karatasi nyeusi.

Tunu
Halafu utaionaje mizizi, wewe uliyesema uzuri wa maji ni kuona kwa macho?