Naomba ushauri: hiki ni kiazi kikuu au jimbi?

Wakuu, shikamooni. Niko Lindi mjini. Jana mama mmoja sokoni kaniuzia fungu akisema ni viazi vikuu. Picha ya kwanza ni ganda, ya pili nimekata katikati.

Ganda ni la kahawia, lina pete zinazolizunguka na vinyweleo. Ndani ni nyeupe, yenye vidoti na nyuzi nyembamba za zambarau. Kiazi kitamu nimekiondoa: ganda lake laini, na kibichi ukikikata hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Hiki kimetoa ute tu. Sasa kiazi kikuu nacho kina ute, hapo ndipo nimekwama. Zile pete nahisi ni makovu ya majani, maana jimbi ni shina lililovimba. Mikono inaniwasha pia, ila hata kiazi kikuu huwasha wengine.

Zambarau msiiamini sana, nilipiga jioni chini ya taa.

Je, ni jimbi? Na aina yake inajulikana kwa picha hizi, au nipande kimoja nisubiri majani? Vingine nataka kuchemsha leo, na jimbi lisiloiva vizuri linawasha koo.