Ankara ya USDT 40, imefika 39: mteja anasema kalipa yote. Nifanyeje?

Muuza_Programu: Wakuu, habari zenu. Nauza leseni za programu na napokea USDT kwenye mtandao wa Tron. Mteja kapewa ankara ya 40, kwangu imeingia 39. Mfumo umeandika "haijakamilika" na leseni haijatoka. Yeye kanitumia picha ya skrini, inaonyesha katuma 40. Mwingine wa ankara ya 8 imefika 7. Niwadai hiyo 1, niwasamehe, au niwarudishie hela?

Kasi_Moja: Hiyo ni ada ya mtandao, mkuu. Mtandao unakata njiani. Hamia mtandao wa bei nafuu, pengo litapungua.

Nanga: Kasi_Moja, kupunguza pengo ni sawa, ila chanzo sicho hicho. Kwenye Tron ada ya mtandao hulipwa kwa TRX, haiwezi kumega USDT iliyo njiani. Hata kwenye bitkoin, anayetuma ndiye anayepanga kiasi cha mpokeaji, na ada ni kile kinachobaki pembeni.

Muuza, chukua namba ya muamala uifungue Tronscan. Ukikuta 39, makato yamefanyika kabla muamala haujaingia mtandaoni. Karibu kila mara mteja anakuwa ametoa hela moja kwa moja kwenye soko la kripto: kaandika 40, soko likatoa ada yake ya 1 ndani ya hiyo 40. Picha yake si ya uongo, inaonyesha kiasi kilichotoka kwenye akaunti yake. Ila ukikuta 40 kwenye Tronscan na kwako inasoma 39, anayekata ni kampuni inayokupokelea malipo, na hapo mteja hana deni.

Bi_Hesabu: Mimi ankara zangu za bitkoin zinapungua hivyohivyo bei ikishuka. Si ndiyo hiyo?

Nanga: Hapana, dada. Hiyo ni ya mteja aliyelipa baada ya muda wa ankara kwisha, bei ikawa imeshabadilika. Linganisha kiasi cha bitkoin chenyewe: kama kimefika kamili, tatizo ni muda, si ada.

Muuza_Programu: Nimeangalia, Tronscan inasoma 39. Mfumo una sehemu ya kuruhusu upungufu kwa asilimia. Niweke 3?

Nanga: Asilimia itakuangusha, kwa sababu ada ya soko haipandi na ukubwa wa malipo. Asilimia 3 ya 40 ni 1.2, kwa hiyo pengo la 1 linapita. Asilimia 3 ya 8 ni 0.24, yule wa pili anakwama palepale. Halafu kwenye ankara ya 900 umeruhusu mtu apunguze 27 kwa makusudi na mfumo unampa leseni. Kama unaweza kugusa msimbo, weka kiasi maalumu:

```
pengo = ankara - kilichofika
kubali = pengo <= 1.5
```

Na ankara za chini ya 15 usizipokee kwa njia hii, maana hapo 1.5 ni sehemu kubwa mno ya bei.

Kumdai 1 iliyobaki hakufai: atalipa ada nyingine ya 1 kutuma 1, na masoko mengi yana kiwango cha chini cha kutoa, huenda asiweze kabisa. Hao wawili toa leseni, andika 1 kama punguzo kwenye hesabu zako. Pengo likizidi hapo, mpe chaguo la kuongeza au kurudishiwa. Ukirudisha, muombe anwani mpya. Usirudishe ilikotoka, kwa sababu ile ni pochi ya soko, hela haitaingia kwenye akaunti yake.

Bi_Hesabu: Kusamehe kila mtu sikubaliani nako. Ada ni ya anayetuma. Ukizoesha wateja, watatuma pungufu siku zote.

Nanga: Hoja unayo, ndiyo maana ukurasa wa malipo uwaambie mapema: "Kiasi kitakachotufikia kiwe 40 kamili. Ukitoa kwenye soko, ongeza ada yake." Na waangalie mstari wa kiasi kitakachopokelewa kabla ya kuthibitisha. Wanaolipa kwa pochi yao binafsi hawahusiki, labda ya bitkoin iwe imewekewa ada itolewe ndani ya kiasi, au wamebonyeza kutuma salio lote.

Muuza_Programu: Akiongeza, atume anwani ileile?

Nanga: Kama ankara haijaisha muda, ndiyo. Ikiisha, mifumo mingi haiunganishi malipo mawili yenyewe, utayaoanisha kwa mkono. Mtengenezee ankara mpya ya kilichopungua, na kwenye maelezo andika namba ya ile ya kwanza.