Ushauri: STDEV imeshindwa kuona milioni 4.5 kwenye akaunti ya elfu 40, nihamie MAD?

Mhasibu_Masasi

Wakuu habari za jioni. Niko kwenye SACCOS moja ya wakulima huku kusini. Mimi ni mhasibu, ila kwa kuwa najua Excel na Python kidogo, mambo yote ya kompyuta yananiangukia mimi.

Mwaka jana niliandika kijiprogramu cha kukagua miamala kila jioni. Kinachukua miamala 10 ya mwisho ya mwanachama, kinatafuta wastani na STDEV, yaani kipimo cha jinsi miamala ilivyotawanyika kuzunguka wastani, halafu muamala wowote uliozidi wastani kwa STDEV 3 kinautolea tahadhari. Nilijiona nimemaliza kazi.

Mwezi uliopita karani wa dirishani akaingiza 4,500,000 badala ya 45,000. Kijiprogramu kimya. Tuliokolewa na mwanachama mwenyewe, mama mmoja mtu mzima, aliyekuja na kitabu chake na kuuliza hizi hela nyingine ni za nani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Miamala yake hii hapa, kwa maelfu:

```
20, 25, 30, 30, 35, 40, 45, 50, 60, 4500
```

Nimepiga hesabu kwa mkono. Wastani 483.5, STDEV 1,411. Ile 4500 imetoka kwenye wastani kwa STDEV 2.85 tu! Nimesoma mahali kwamba MAD, kipimo kinachotumia mediani badala ya wastani, ni bora kwa kazi hii. Kabla sijabadilisha mfumo, naomba mwenye uzoefu anieleze inakuwaje, na wapi itanigeuka.

KichwaNgumu

Mkuu mbona jambo dogo. Shusha kigezo kutoka 3 mpaka 2, 2.85 itanaswa. Usijitafutie kazi.

Pwani_Kwetu

Poleni. Na mimi nilituma laki mbili namba isiyo sahihi, mtandao wanasema nisubiri saa 72. Hiyo MAD inarudisha pesa?

BintiTakwimu

@Pwani_Kwetu hapana ndugu yangu, huu uzi ni wa hesabu za kunusa makosa. Fungua uzi wako, utasaidiwa.

Kaka Masasi, ulichoandika kinachekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Kwa miamala 10, kengele yako haiwezi kulia. Hata karani angeandika bilioni. Umbali mkubwa kabisa ambao namba moja inaweza kuwa nao kutoka kwenye wastani, kwa kipimo cha STDEV ya kundi lilelile, ni (n-1)/√n. Weka n = 10: 9 gawa kwa 3.162, unapata 2.846. Ndiyo hiyo 2.85 yako. Tatu hufiki hadi uwe na miamala 11, na hapo unaigusa kwa shida. Sababu ni kwamba namba kubwa inaingia kwenye kupimwa na kwenye kupima. Inavuta wastani upande wake, na inaivimbisha STDEV ambayo ndiyo rula yenyewe. Ni mshtakiwa aliyekaa pia kwenye kiti cha hakimu.

KichwaNgumu, ushauri wako unanasa kosa moja. Mwache yule karani akosee mara mbili: ondoa 60, weka 4500 nyingine. Sasa kila moja kati ya hizo mbili iko STDEV 1.9 tu kutoka kwenye wastani. Kigezo chako cha 2 nacho kimepita bila kuona. Makosa mawili yanafichana.

MAD unaipata hivi. Tafuta mediani, kwa mama huyo ni 37.5. Kwa kila muamala andika umbali wake kutoka 37.5 bila kujali juu au chini: 17.5, 12.5, 7.5, 7.5, 2.5, 2.5, 7.5, 12.5, 22.5, na 4462.5. Zipange, chukua mediani ya umbali huo: 10. Basi, hiyo ndiyo MAD. Zidisha kwa 1.4826 ili isomeke kwa kipimo kile ulichozoea cha STDEV, unapata 14.8. Ile 4500 iko umbali wa 301. Kigezo kilichozoeleka ni 3.5.

Halafu irudie kwa yale makosa mawili. Mediani 37.5, MAD 10. Haijatikisika hata kidogo.

KichwaNgumu

Sawa dada, kwenye yale mawili umenipata. Lakini njia rahisi bado ipo: ondoa kubwa zaidi kwanza, ndipo upige STDEV.

BintiTakwimu

Utaondoa ngapi? Ukiondoa moja na mbovu zilikuwa mbili, uko palepale. Ukiondoa mbili kila mara, siku ambayo hakuna kosa unatupa data isiyo na tatizo na STDEV inakuwa ndogo kuliko hali halisi. Lakini kuna wazo zuri humo ndani: muamala mpya usiingie kwenye historia inayoupima. Pima wa leo kwa 10 zilizotangulia. Hilo fanya hata ukitumia MAD.

Msee_wa_Nakuru

Niaje wadau. Sisi kwa chama yetu tulijaribu hii kitu, nikatumia pandas ya Python, ile `.mad()`. Ni laini moja tu, usijisumbue na hesabu refu.

BintiTakwimu

Hapo ndipo wengi wanaanguka. Ile `.mad()` ya pandas ilikuwa wastani wa umbali kutoka kwenye wastani. Herufi zilezile tatu, kitu kingine kabisa. Kwa data ya huyu mama inatoa 803, siyo 10. Nayo inavutwa na kosa kama STDEV tu. Kuanzia pandas 2.0 wameiondoa, kwa hiyo ukiona inafanya kazi ujue una toleo la zamani.

Jambo jingine la kuangalia: `mad()` ya R inazidisha 1.4826 yenyewe bila kuulizwa, `median_abs_deviation` ya scipy haizidishi mpaka uiambie. Watu wawili ofisi moja, data moja, majibu mawili, na ugomvi juu.

Msee_wa_Nakuru

Woi. Miezi nane nimekuwa nikiitumia. Wacha nirudi kwa ripoti za treasara pole pole kabla hajaona.

Mzee_wa_Dirisha

Nimekaa dirishani miaka mingi kabla ya kustaafu, kompyuta siijui kama nyinyi. Ila nimepiga hesabu hiyo ya binti. Mara 3.5 ya 14.8 ni kama 52. Kwa hiyo mama akija na zaidi ya elfu 89 kengele inalia. Januari akileta 120,000 ya ada ya mjukuu inalia. Kengele ikilia kila siku karani anaizoea, na siku ya milioni 4.5 ataibofya ipite. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

BintiTakwimu

Mzee shikamoo, umegonga penyewe. Fedha haziko sawa pande zote mbili: chini zinagota kwenye sifuri, juu hazina dari. Mtu wa elfu 40 kuleta 120 ni jambo la kawaida, ni mara tatu tu. Kwa hiyo chukua logi ya kila kiasi kwanza, halafu MAD. Hapo unapima "mara ngapi" badala ya "shilingi ngapi". Nimepiga kwa data ileile: mpaka wa juu unakuwa kama 141,000 na wa chini kama 10,000. Ada ya mjukuu inapita, na 4500 bado iko umbali wa 12.6.

Mhasibu_Masasi

Asanteni sana, mzee shikamoo. Nimeijaribu jana kwa wanachama wote na nimekutana na kioja. Kuna watumishi wanaokatwa 50,000 kila mwezi kwenye mshahara. Umbali wote sifuri, MAD sifuri, programu inalalamika kugawa kwa sifuri. Na mmoja aliyeleta 51,000 akapewa alama ya `inf`.

BintiTakwimu

Ndiyo bei ya MAD. Zaidi ya nusu ya namba zikilingana, inakuwa sifuri. Mpe sakafu:

```python
import numpy as np
from scipy.stats import median_abs_deviation

x = np.log(historia)
rula = max(median_abs_deviation(x, scale="normal"), 0.2)
alama = (np.log(mpya) - np.median(x)) / rula
tahadhari = abs(alama) > 3.5
```

Hiyo 0.2 sikuitoa kwenye kitabu. Mara 3.5 ni 0.7, na 0.7 kwenye logi ni kama mara mbili. Maana yake, hata mwanachama asiyebadilika kamwe, kengele italia akizidisha maradufu au akishuka chini ya nusu: kwa yule wa 50,000, chini ya kama 25,000 au juu ya 100,000. Ukiona ni kali au legevu, irekebishe na bodi yako. Marejesho ya miamala iliyofutwa yatoe kwanza, logi haili sifuri wala namba hasi.

Wakala_Mbagala

Samahani kuingilia. Mimi wakala, wananisumbua wateja wanaokata hela vipande ili wasifike kiwango cha kuulizwa. Hii itawaona?

BintiTakwimu

Haitawaona. Kila kipande peke yake ni cha kawaida. Jumlisha kwanza kwa mteja kwa siku, na uhesabu idadi ya miamala yake, ndipo upime hizo jumla. Hata hivyo anayekata vipande kila siku keshaifanya kuwa kawaida yake, MAD itamtambua kama raia mwema.

Mhasibu_Masasi

Nimeweka sakafu na logi. Kwa miezi ya Juni mpaka Septemba tahadhari zimekuwa chache na karani anazifuatilia kweli. Mbili zilikuwa sifuri ya ziada.

Shida ni Oktoba. Minada ya korosho inaanza, malipo yanaingia, na mkulima aliyekuwa akiweka elfu 30 anaweka milioni 2 ndani ya wiki moja. Nimerudisha programu kwenye data ya msimu uliopita: kengele zinalia kwa karibu kila mwanachama mwenye shamba.

Mzee_wa_Dirisha

Mlinganishe na Oktoba yake ya mwaka jana.

BintiTakwimu

Mzee, Oktoba moja ni miamala miwili mitatu, mediani ya namba tatu siyo ya kutegemea. Mimi ningemlinganisha na wenzake wa chama kimoja cha msingi wiki hiyohiyo, kwa sababu wanalipwa pamoja. Tatizo, mwenye ekari 2 na mwenye ekari 30 wako kundi moja, na rula itakuwa ndefu mno.

KichwaNgumu

Gawa kwa kilo alizopeleka ghalani. Mkulima ana stakabadhi.

Mhasibu_Masasi

KichwaNgumu leo umenishangaza. Stakabadhi ziko kwenye makaratasi, chama cha msingi ndicho kinazo. Jumatatu naenda kumwomba katibu anipe nakala za msimu uliopita, nitarudi hapa.