Kitasa kilekile, bei mbili ndani ya hatua sitini: hadi lini maduka ya Majengo yatatuficha bei?

Ndugu wanajukwaa, nimekasirika na naomba mnisikilize. Jumamosi nilikwenda Majengo, hapa Dodoma, kununua vitasa sita vya nyumba ninayoimalizia Nkuhungu. Duka la kwanza, ambalo fundi wangu ndiye aliyenipeleka, liliniuzia kila kimoja kwa shilingi 27,000. Nikiwa natafuta bajaji ya kurudi, hatua kama sitini kutoka pale, nikaona boksi lilelile lenye namba ileile ya modeli, na muuzaji akanitajia 19,500 kabla hata sijaomba apunguze. Shilingi 45,000 zimeniponyoka hivihivi.

Najua mtasema ningezunguka kwanza. Kuzunguka ndiko kwenyewe kunakogharimu. Hakuna duka hata moja nililoingia lililobandika bei, kwa hiyo ni lazima nisubiri mteja mwingine amalizwe, niulize, nijibiwe "Kwani unataka vingapi?", nibembeleze, kisha nitoke nikiwa nimenuniwa. Hizo ni dakika kumi kwa kila duka, na fundi analipwa kwa siku.

Nimepiga hesabu. Tuchukulie kwamba bei zimetawanyika sawasawa kati ya 18,000 na 28,000. Ukiuliza duka moja, kwa wastani utalipa 23,000, ukiuliza mawili ukachagua nafuu, kama 21,300, matatu, 20,500, manne, 20,000. Duka la pili linakuokolea takribani 1,700, lakini la nne ni 500 tu, na anayetaka kitasa kimoja hawezi kulaumiwa akiishia la tatu. Mimi niliyetaka sita, duka hilo la nne lilikuwa bado na 3,000 yangu. Ndiyo maana muuzaji huuliza idadi kwanza: anapima utazunguka kiasi gani. Linaloniuma zaidi ni kwamba yule wa 19,500 hapati wateja anaostahili, kwa kuwa bei yake haionekani barabarani, na yule wa 27,000 anaishi kwa wageni na waliochoka.

Mjenzi wa Ipagala: Ndugu, tofauti hiyo inatokana na kodi ya fremu na usafirishaji kutoka Dar es Salaam. Serikali iweke bei kikomo ya vitasa kama EWURA inavyofanya kwa mafuta, na mambo yatakwisha.

Mleta uzi: Maduka yote mawili yako mtaa mmoja na mzigo unapita njia moja. Kodi inaweza kueleza kwa nini mmoja anatamani 27,000, lakini haielezi kwa nini anapata wanunuzi. Kwenye mafuta mimi naona zaidi lile bango la bei ambalo dereva analisoma bila kushuka garini.

Mama wa Makole: Na mimi niliuziwa zabibu ghali asubuhi, jioni zikawa nusu ya bei. Wizi mtupu!

Mwalimu wa uchumi: Mama, zabibu za jioni si zabibu za asubuhi, hapa tunazungumzia bidhaa ileile, saa ileile. Hesabu ya mleta uzi inafuata njia aliyoionesha mwanauchumi George Stigler mwaka 1961. Mwaka 1971 Peter Diamond aliongeza jambo zito: ikiwa kila mnunuzi anaingia gharama, hata ndogo, kuuliza duka la pili, kila muuzaji anaweza kupandisha kidogo bila kumpoteza mteja aliye mbele yake, na wote huishia kwenye bei ambayo angetoza muuzaji aliye peke yake sokoni. Bei ya 19,500 ipo kwa sababu wapo wanaojua bei bila kuhangaika, yaani mafundi na wakandarasi. Hata hivyo, tahadhari na kubandika bei. Denmaki ilianza kuchapisha bei za zege lililochanganywa tayari mwaka 1993, na ndani ya mwaka mmoja zikapanda kwa asilimia 15 hadi 20, kwa sababu viwanda vichache vilianza kuchunguzana bei na kuacha kushindana kuzishusha.

Mwenye duka: Mimi nauza vifaa hukohuko Majengo na nitasema ukweli. Fundi akikuleta, tunampa cha juu, na cha juu hicho kinatoka kwako. Nikikataa, kesho atawapeleka wateja kwa jirani.

Mleta uzi: Mwalimu, Majengo hatuna viwanda vichache bali utitiri wa maduka, kwa hiyo hofu ya Denmaki haijaniingia vizuri, ingawa sina jibu kamili. Lakini maneno ya mwenye duka yamenikata maini. Mtu pekee niliyekuwa naye aliyezijua bei zote alikuwa akilipwa ili nisizijue. Vitasa viwili bado vimo kwenye maboksi yake. Kesho asubuhi navirudisha dukani pamoja na risiti, na fundi nitakwenda naye.