"Vumilia mpaka ya tano": hivi nyie wenyewe mlivumilia?

Wakuu, habari za Jumapili. Nina hasira, na povu ruksa.

Mwezi mzima washikaji zangu watatu wamenikalia kooni nianze zile muvi za magari, The Fast and the Furious. Juzi nikasalimu amri. Nikapeleka flashi kwa dogo wa muvi pale stendi, akanijazia zote kumi, nikarudi ghetto nikaanza na ya kwanza, ile ya mwaka 2001.

Kabla hamjanirukia niseme ukweli: mbaya siyo. Ila ni ya kawaida mno. Askari, Brian, anajipenyeza kwenye kundi la vijana wa Los Angeles wanaopora malori, anampenda dada wa mkubwa wao, Dom, anabaki hajui ashike lipi. Dakika 20 tu ushajua gari linaelekea wapi. Halafu kuna vituko. Kwenye mbio za kwanza Brian yuko kwenye Mitsubishi Eclipse ya kijani, kompyuta inamtolea onyo, mara sakafu ya upande wa abiria inang'oka na kubaki barabarani. Yeye wala, anapachika gia nyingine. Mbio zenyewe ni robo maili, mita 400 na kidogo, lakini kwa gia zile alizopachika angekuwa ameshafika Chalinze.

Sehemu moja tu ilinikalisha kitako. Kule mwishoni Vince, mmoja wa kundi la Dom, anarukia lori likiwa mwendoni, dereva kumbe ana bunduki, na waya umembana mkono, hawezi kurudi kwenye gari la wenzake. Pale hata chai ilipoa. Lakini ni dakika chache ndani ya dakika 106.

Nikarudisha majibu kwa washikaji: kawaida. Wakacheka wote. "Aah, hiyo ya kwanza hata sisi tunajua. Vumilia mpaka ya tano, hapo ndiyo utatushukuru."

Mpaka ya tano! Nikachukua kalamu. Ya kwanza dakika 106, ya pili 107, ya tatu 104, ya nne 107. Hiyo ni saa 7 na dakika 4 za kuvumilia kabla raha haijaanza. Hata mchumba hachumbiwi hivyo.

Ndipo nikawabana mmoja mmoja: wewe ulianzia ya ngapi? Wa kwanza alianzia ya saba mwaka 2015, kwa sababu Paul Walker, yule aliyeigiza Brian, alikuwa amefariki na mtaa mzima ulikuwa unaizungumzia. Wa pili alianzia hiyohiyo ya tano. Wa tatu alianzia Tokyo Drift, ile ya tatu, kwenye kibanda umiza, akiwa darasa la sita, ya kutafsiriwa, watu wamebanana kwenye mabenchi wanapiga mbinja. Hakuna hata mmoja aliyevumilia! Wote waliingilia katikati, wakanogewa, ndiyo wakarudi kuangalia ya kwanza wakiwa tayari wanawapenda akina Dom. Sasa mimi naambiwa nipande mlima ambao wao waliushukia kwa helikopta.

Swali langu: niendelee, niruke, au nifute flashi niweke kwaya?

Kijana_wa_Temeke

Mkuu povu lako lina mantiki ila suluhisho ni jepesi. Ruka ya pili na ya tatu, hazihusiani na chochote. Vin Diesel, yaani Dom mwenyewe, hayumo humo. Muvi bila stelingi ni pilau bila nyama. Nenda ya nne, halafu ya tano.

Fundi_Klachi

Ile Supra ya Brian ya rangi ya chungwa ina injini ya 2JZ, mtoa mada. Kama unatafuta gari la aina hiyo kwa bajeti yetu achana nayo, tafuta Altezza. Ninayo moja hapa gereji, mwenye nayo amekwama ada za watoto. Njoo inboksi.

Mtoa mada

Fundi, nani ametaja kununua gari?

Mama Warda

Mtoa mada, hesabu yako ya dakika ni sahihi, na hilo swali la "ulianzia ya ngapi" ndilo la kumuuliza kila anayekwambia vumilia. Ila washikaji zako wamekosea neno moja. Ya tano haikuwa "nzuri zaidi" ya ya kwanza. Ilikuwa kitu kingine.

Nne za mwanzo ni za mbio za barabarani na, ukiacha ya tatu, askari wanaojipenyeza. Ya tano, ya mwaka 2011, ni ya wizi mkubwa. Watu wanakusanywa, kila mmoja na kazi yake, wanapanga namna ya kuiba fedha za tajiri mchafu wa Rio. Mbio zenyewe zimetupwa kando. Kuna mahali Dom na Brian wanakwenda kushindania Porsche na vijana wa pale, unajiweka sawa kwenye kiti, picha inakatwa, unawaona tayari wanarudi nayo. Mbio hukuonyeshwa! Mwongozaji ni Justin Lin, aliyeanzia ile ya tatu, kwa hiyo si kwamba hakujua kupiga picha za mbio. Aliamua.

Sasa jiulize ni nini kilichokuchosha. Kama ulitaka mbio zaidi na hukuzipata, ya tano haitakuponya. Lakini wewe mwenyewe umesema ulikaa kitako pale Vince aliponing'inia kwenye lori. Ya tano nzima imeshonwa kwa kitambaa kile. Mwishoni Dodge Charger mbili zinaburuta sefu zima, kubwa kama chumba, mitaani, na sefu lenyewe ndiyo silaha, linafagia magari ya polisi. Wewe ni mtu wa ya tano. Ungeniambia ulipenda zile sehemu za usiku za kupanga magari na muziki, ningekwambia ishia hapo.

@Kijana_wa_Temeke umepatia nusu. Kweli Diesel hayumo ya pili, ila ya tatu anatokea mwishoni kabisa, dakika moja hivi. Na "hazihusiani" siyo. Roman na Tej wametoka ya pili. Han ametoka ya tatu. Wote watatu wamo kwenye kikosi cha ya tano.

Kijana_wa_Temeke

Mama Warda hapo kwa Han umejichanganya. Han si anakufa kwenye Tokyo Drift? Ya tano anaibaje akiwa maiti?

Mama Warda

Tokyo Drift ilitoka ya tatu, mwaka 2006, lakini kwenye hadithi inakaa baada ya ya sita. Ya nne, ya tano na ya sita zinatokea kabla Han hajaenda kufia Japani. Mwisho wa ya sita ndiyo wanakuonyesha nani hasa aliyemgonga.

Kijana_wa_Temeke

Kwa hiyo aiangalie lini?

Mama Warda

Hapo watu wanagombana mpaka leo. Wengine wanasema ifuate miaka ya kutoka, ili ya sita ikupige ghafla. Wengine wanasema ingoje baada ya ya sita. Mimi niliona kwa mpangilio wa kutoka, na ule mwisho wa ya sita ulinirusha kwenye kochi. Ila nilishakuwa mpenzi wao, sikuwa navumilia.

Babu_Kideo

Nyie watoto wa juzi mnakera. Ya kwanza ndiyo muvi, nyingine zote ni katuni. Mle walikuwa wezi wa deki na televisheni, watu wenye njaa kama mimi na wewe, wanakaa mezani wanasali kabla ya kula. Kufika ya tisa Roman na Tej wamepelekwa anga za juu ndani ya gari! Mtoa mada, usidanganyike. Mwisho wa ya kwanza, Brian anampa Dom funguo ili akimbie, kazi yake ya uaskari inaishia palepale. Hilo ni jambo la kiume. Zima televisheni, kalale.

Mama Warda

Babu, kwa mwisho ule nakubaliana na wewe asilimia mia. Na mtu akiishia pale hajapungukiwa, hadithi imefungwa. Ndiyo uzuri wake, kwa sababu ya kumi, ya mwaka 2023, haijafungwa. Inaishia njiani watu wakiwa hatarini. Mtoa mada akiingia mazima ajue hilo.

Bi_Zai_wa_Tanga

Mie hayo magari siyajui, ila kuvumilia nakujua. Shoga yangu aliniambia nivumilie tamthilia moja ya Kituruki, eti inanoga kuanzia kipande cha arobaini. Nimefika cha tisini, yule bwana bado hajamwambia mkewe alichokifanya kwenye kipande cha pili. Sasa siwezi kuacha kwa sababu nitakuwa nimepoteza vipande tisini. Mwanangu, kama hujafika mbali, kimbia.

Babu_Kideo

Bi Zai umeongea.

Mtoa mada

Mrejesho wakuu. Nimemsikiliza Mama Warda nusu. Jana usiku sikugusa ya pili, ya tatu wala ya nne, nimekwenda moja kwa moja ya tano. Umeme ulikatika mara moja, ukarudi, nikaendelea. Dakika 130.

Lile sefu. Sina maneno. Jirani aligonga ukuta kwa kelele zangu. Roman na Tej nimewaelewa ndani ya dakika mbili bila kuona ya pili, wanataniana tu, huhitaji historia. Han anatafuna vitu muda wote, nimempenda, na sasa najua atakufa, asanteni sana. Vince nilipomwona amerudi nilifurahi kama nimekutana na mtu wa kijijini kwetu, na hiyo ni faida ya kuiona ya kwanza, lazima nikiri.

Lakini hasira yangu imepata sehemu mpya ya kukaa. Baada ya majina kuanza kupita, kuna kipande kidogo. Mwanamke mmoja anamletea Hobbs, yule askari aliyekuwa anawawinda akina Dom, faili, ndani kuna picha ya Letty, mpenzi wa Dom. Hobbs anashangaa, muziki unapanda, na mimi nimekaa pale nakwangua ukoko wa ugali. Kwa sababu habari kwamba Letty alikufa kwenye ya nne niliisikia juujuu tu. Sikumwona akifa, sikumlilia. Sasa "kafufuka" na mimi sijashtuka hata kidogo. Na yule mwanamke mwenye faili kumbe ni wa ya pili, nimeambiwa asubuhi na mshikaji huku anacheka.

Mama Warda

Kwani nilikwambia uruke ya nne mie?

Kijana_wa_Temeke

Mimi nilisema ya nne halafu ya tano. Someni juu huko.

Mtoa mada

Nimeona. Dakika 107 nyingine. Nitaiangalia leo usiku, nikiwa nimenuna.

Fundi_Klachi

Altezza imeshachukuliwa wakuu.